Wakati wa Kununua Gari la Chama: Mwaka wa Gari, Msimu na Thamani ya Shilingi

Chama kikiamua kununua gari, mazungumzo ya kikao huchukua muda mrefu juu ya aina ya gari na rangi yake, na muda mfupi sana juu ya mwezi wa kulinunua. Hata hivyo, katika soko la Dar es Salaam, magari mawili ya aina moja, yenye injini moja na yaliyotunzwa sawasawa, yanaweza kupishana bei kwa zaidi ya Shilingi milioni 2 kwa sababu tu moja liliingia bandarini mwezi Desemba na jingine mwezi Januari. Fedha hizo ni za wanachama, na kwa chama kidogo zinatosha kununua matairi, bima na mafuta ya miezi kadhaa. Makala haya yanaeleza kwa nini bei hupanda na kushuka, na namna katibu anavyoweza kupanga tarehe za ununuzi kabla chama hakijatoa fedha.

Bei ya gari hujengwa na nini

Magari mengi yanayouzwa Dar es Salaam, kuanzia magari madogo ya ofisini hadi kirikuu zinazobeba mizigo katika mitaa ya Kariakoo, ni magari yaliyokwisha kutumika nchini Japani. Gari la namna hiyo hupita mikono kadhaa. Mwenye gari huko Japani hulitoa anaponunua jipya, kisha huuzwa kwa mnada kwa fedha ya Japani, yaani yeni. Msafirishaji aliyelinunua hulitangaza kwa bei ya Dola. Mnunuzi wa Tanzania hulipa Dola hizo kwa kubadili Shilingi zake benki. Meli ikifika, Mamlaka ya Mapato Tanzania hutoza kodi, nazo hulipwa kwa Shilingi.

Kwenye ankara ya msafirishaji huonekana herufi FOB au CIF. FOB ni bei ya gari likiwa limepakiwa melini huko Japani. CIF ni bei hiyo pamoja na bima na nauli ya meli hadi Dar es Salaam. Kodi zote huanzia kwenye CIF, kwa hiyo hiyo ndiyo hesabu ambayo katibu anapaswa kuitaka.

Hapa pana jambo ambalo vyama vingi hulifahamu baada ya kuumia. Mamlaka ya Mapato haikubali tu bei iliyoandikwa kwenye ankara. Inao mfumo wake wa kuthamini magari yaliyotumika, ambao mtu yeyote anaweza kuufungua katika tovuti yake. Humo huandikwa aina ya gari, muundo, mwaka wa kutengenezwa, nchi lilikotoka, aina ya mafuta na ujazo wa injini. Kisha hutokea thamani kwa Dola na jumla ya kodi. Chama kikipata gari kwa bei ya kutupa huko Japani, nafuu hiyo inabaki kwenye bei ya gari peke yake. Kodi itafuata thamani ya mfumo. Kwa hiyo tangazo la bei ndogo halitoshi kumwambia mtu kwamba gari ni rahisi.

Mstari wa miaka 8

Wauzaji wa magari mapya hupunguza bei ya toleo la mwaka jana mara toleo la mwaka mpya linapofika. Kwa mnunuzi wa gari lililotumika hapa Tanzania, mabadiliko ya mwaka yana uzito wa namna nyingine, nao umo ndani ya sheria ya kodi.

Gari dogo la abiria hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya CIF. Juu yake huja ushuru wa bidhaa kulingana na injini: injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,000 hailipi, ile ya kati ya 1,000 na 2,000 hulipa asilimia 5, na inayozidi 2,000 hulipa asilimia 10. Halafu upo ushuru wa bidhaa kwa sababu ya uchakavu. Kwa viwango vilivyotumika kwa miaka mingi, gari dogo la umri wa miaka 8 hadi 10 hutozwa asilimia 15 zaidi, na lililozidi miaka 10 hutozwa asilimia 30. Mwisho huja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo hutozwa juu ya jumla ya yote yaliyotangulia. Zipo pia tozo ndogo za forodha na reli, na gharama za usajili.

Magari ya kazi, kama pikapu na malori, yana masharti yake ya uchakavu, na ushuru wake wa namna hiyo umekuwa mdogo kuliko wa magari madogo. Yafaa katibu ahakikishe kwanza gari analolikusudia limewekwa katika kundi gani, maana yapo magari ambayo muundo wake unayumba kati ya gari la abiria na gari la mizigo.

Umri unaozungumzwa huhesabiwa kwa mwaka wa kutengenezwa. Gari la mwaka 2018 lililoingizwa Desemba 2025 lilihesabiwa kuwa na miaka 7. Gari hilohilo likiingizwa Januari 2026 lilihesabiwa kuwa na miaka 8. Hakuna sehemu yake iliyochakaa kwa wiki chache hizo. Lililobadilika ni tarakimu ya mwaka tu. Lakini kodi ilikwisha kuvuka mstari.

Mfano wa hesabu

Tuchukue mfano wa chama kinachotaka gari la stesheni wagoni, kwa mfano Toyota Fielder, lenye injini ya sentimita za ujazo 1,500, la mwaka 2018. Tuseme thamani yake ya CIF katika mfumo wa forodha ni Dola 4,000. Thamani hii ni ya mfano tu, ili hesabu ieleweke. Kila gari lina thamani yake.

Gari likiingia Desemba 2025, ushuru wa forodha ni Dola 1,000. Jumla inakuwa Dola 5,000, na asilimia 5 ya ushuru wa bidhaa ni Dola 250. Jumla sasa ni Dola 5,250, na asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani ni Dola 945. Kodi hizi tatu zinafika Dola 2,195.

Gari likiingia Januari 2026, ushuru wa forodha ni uleule Dola 1,000, na ushuru wa injini ni uleule Dola 250. Unaongezeka ushuru wa uchakavu, asilimia 15 ya Dola 5,000, yaani Dola 750. Jumla inafika Dola 6,000, na kodi ya ongezeko la thamani inakuwa Dola 1,080. Kodi zote zinafika Dola 3,080.

Tofauti ni Dola 885. Kwa kiwango cha Shilingi 2,500 kwa Dola moja, hizo ni Shilingi 2,212,500. Ikumbukwe kwamba ushuru wa uchakavu wenyewe ni Dola 750 tu. Dola 135 zilizobaki ni kodi ya ongezeko la thamani iliyotozwa juu ya ushuru huo.

Mwanachama makini atauliza: je, gari likizeeka thamani yake katika mfumo haishuki? Kweli inaweza kushuka. Tuseme imeshuka kutoka Dola 4,000 hadi Dola 3,700. Ukirudia hesabu ileile pamoja na uchakavu, kodi zinakuwa karibu Dola 2,849. Bado ni zaidi ya zile za Desemba kwa Dola 654. Kushuka kwa thamani hupunguza hasara, lakini hakuifuti.

Makosa mawili ya kusoma mwaka

Kosa la kwanza ni kuuchukua mwaka wa kusajiliwa Japani kuwa ndio mwaka wa kutengenezwa. Hati ya Japani huonyesha mwezi na mwaka gari liliposajiliwa mara ya kwanza. Gari lililotoka kiwandani Desemba 2017 laweza kusajiliwa Februari 2018. Muuzaji hulitangaza kama la 2018, na hasemi uongo kwa hesabu za kwao. Lakini forodha hapa itaangalia mwaka wa kutengenezwa, na gari litakuwa la 2017. Dawa yake ni kutaka namba ya chasisi kabla ya kulipa, na kumpa wakala wa forodha aithibitishe tarehe ya kutengenezwa.

Kosa la pili hufanyika hapahapa mjini. Madalali wa Dar es Salaam hupenda kulitaja gari kwa herufi ya kwanza ya namba yake: hili ni namba D, lile ni namba E. Herufi hiyo huonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania, wala haielezi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2008 lililoingia nchini juzi hubeba namba mpya, wakati gari la 2012 lililoingia zamani hubeba namba ya zamani. Wanunuzi wengi hulipa zaidi kwa ajili ya herufi, na kila herufi mpya inapoanza kuonekana barabarani, magari ya herufi iliyotangulia hupungua hadhi na bei. Chama kinachotafuta gari la kufanya kazi kinaweza kunufaika na tabia hiyo: gari la namba ya zamani lililotengenezwa karibuni na kutunzwa vizuri laweza kuwa bora na rahisi kuliko lenye namba mpya. Umri usomwe kwenye kadi ya gari na kwenye chasisi.

Msimu wa Japani

Kuna sababu tatu zinazofanya magari yawe mengi au machache kwenye minada ya Japani.

Ya kwanza ni mwaka wa fedha wa nchi hiyo, unaokwisha tarehe 31 Machi. Wauzaji wa magari mapya hujitahidi kutimiza hesabu zao kabla ya siku hiyo, na Machi ndio mwezi wenye mauzo makubwa. Kila anayenunua gari jipya hutoa la zamani, na magari hayo humiminika minadani Machi na Aprili. Baada ya hapo minada hufungwa kwa mapumziko ya mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Mei, kisha tena katikati ya Agosti, na tena wakati wa mwaka mpya. Anayeagiza siku chache kabla ya mapumziko hayo asishangae gari lake kukosa meli.

Ya pili ni ukaguzi wa lazima uitwao shaken. Gari jipya dogo hukaguliwa baada ya miaka 3, halafu kila baada ya miaka 2. Yaani linapotimiza miaka 3, 5, 7 na 9. Ukaguzi huo una gharama kubwa, na wengi huona heri kuliuza gari kabla ya kuulipia. Ndiyo maana magari yanayokaribia au kutimiza miaka 7 hupatikana kwa wingi. Kwa mnunuzi wa Tanzania haya ni magari mazuri yenye hatari moja: yamebakiza miezi michache kufika kwenye mstari wa miaka 8.

Ya tatu ni jirani zetu wa Kenya. Huko gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa mara ya kwanza haliruhusiwi kuingia kabisa. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025, kwa mfano, Kenya ilipokea magari yaliyosajiliwa mwaka 2018 na baadaye tu. Wanunuzi wa Kenya wanaposhindania magari ya mwaka fulani ili yafike Mombasa kabla ya Desemba kwisha, huwashindania pia Watanzania. Miezi ya mwisho ya mwaka inapopita, magari hayo hupoteza wanunuzi wa Kenya na matangazo ya bei za chini huanza. Mtego upo hapo. Gari ambalo Kenya imelikataa kwa umri, kwa kawaida ndilo ambalo Tanzania imeanza kulitoza ushuru wa uchakavu. Punguzo la Dola 300 kwenye tangazo la Desemba laweza kumezwa mara mbili na ongezeko la kodi la Dola 885 na bado likabaki deni.

Msimu wa Dar es Salaam

Mahitaji ya mjini nayo yana mwendo wake. Novemba na Desemba watu wengi hutaka gari la kwendea nyumbani kwa sikukuu, na wafanyabiashara wa Kariakoo huhitaji vyombo vya kusambazia bidhaa za mwisho wa mwaka. Katika miezi hiyohiyo fedha za korosho huingia mikononi mwa wakulima wa Mtwara na Lindi, na baadhi yake hufika kwenye yadi za magari. Muuzaji anayeona wateja watatu wanaulizia gari moja hana sababu ya kupunguza bei.

Januari na Februari hali hugeuka. Ada za shule na kodi za nyumba hubana watu, na wenye magari hutaka kuyauza wapate fedha taslimu. Huu ndio wakati wa chama kununua gari lililokwisha kulipiwa kodi. Upo pia ubora wa pili, ambao wachache huuona: gari la mwaka ulio mstarini lililotolewa bandarini Desemba halikulipa ushuru wa uchakavu, wakati lingine kama hilo linaloingia Januari linaulipa. Hivyo shehena ya Desemba iliyobaki yadi ina gharama ndogo, nayo inauzwa wakati wateja ni wachache. Katibu aulize gari lilitolewa bandarini tarehe ngapi na aombe kuona hati za malipo ya forodha. Jibu la swali hilo humwambia muuzaji aliingia gharama gani, na hapo mjadala wa bei huwa wa haki.

Vipuri navyo visisahaulike. Gerezani, pembeni mwa Kariakoo, ndiko mafundi wengi wa mjini hupata vipuri. Kiwanda kinapobadili toleo, kama Toyota ilivyofanya kwa Noah mwezi Januari 2022, toleo lililotangulia huanza kushuka bei Japani huku vipuri vyake vikiwa vimekwisha kujaa Gerezani. Toleo jipya hukaa miaka kadhaa kabla vipuri vyake vilivyotumika havijawa vya kawaida. Kwa gari la kazi, toleo lililotoka kupitwa ndilo lenye faida ya pande zote mbili.

Thamani ya Shilingi

Mnunuzi hulipa Dola mara mbili. Mara ya kwanza ni bei ya gari. Mara ya pili ni kodi, kwa sababu thamani ya forodha imewekwa kwa Dola, kisha hubadilishwa kuwa Shilingi kwa kiwango cha wakati huo. Kwa hiyo Shilingi ikiyumba, gharama yote huyumba.

Mwaka 2024 ulitoa somo. Baada ya miezi mingi ya uhaba wa Dola nchini, Dola moja ilifika karibu Shilingi 2,700 mwezi Oktoba. Mwishoni mwa Desemba ilikuwa imeshuka chini ya Shilingi 2,400. Katikati ya mwaka 2025 ilikuwa imepanda tena zaidi ya 2,600, na Septemba ikarudi chini ya 2,500. Gari la mfano wetu, lenye gharama ya Dola 6,195 kwa CIF na kodi, lingegharimu Shilingi 16,726,500 kwa kiwango cha 2,700, na Shilingi 14,868,000 kwa kiwango cha 2,400. Tofauti ni Shilingi 1,858,500.

Yapo maelezo ya mwendo huo. Fedha za kigeni huingia zaidi nusu ya pili ya mwaka, kwa watalii wa kuanzia Juni, kwa mazao ya biashara, na korosho inayouzwa kuanzia Oktoba. Nusu ya kwanza mapato hayo hupungua na Shilingi mara nyingi hulegea. Huo ni mwelekeo tu. Bei ya dhahabu, bei ya mafuta na hatua za Benki Kuu zinaweza kuupindua. Chama kisicheze bahati nasibu na Dola. Lililo la maana ni kujua namna bei za yadi zinavyofuata kiwango hicho.

Bei za yadi hazipandi na kushuka kwa mwendo mmoja. Shilingi ikidhoofika, muuzaji hupandisha bei upesi, maana atahitaji Shilingi nyingi zaidi kuleta gari jingine. Shilingi ikiimarika, hushusha polepole, maana magari aliyonayo aliyanunua na kuyalipia kodi kwa Dola ya bei kubwa. Kutokana na hayo hupatikana kanuni nyepesi. Shilingi ikiwa imetoka kudhoofika, nenda yadi mapema, ukachukue gari lililolipiwa kwa kiwango cha zamani kabla bei haijabadilishwa. Shilingi ikiwa imetoka kuimarika, agiza Japani, kwa kuwa nafuu hiyo utaipata mwenyewe bila kumngoja muuzaji.

Yeni nayo ina sehemu yake. Mwaka 2021 Dola moja ilinunua karibu yeni 110. Julai 2024 ilifika karibu yeni 160. Mnunuzi mwenye Dola alipata yeni nyingi zaidi mnadani, lakini nafuu hiyo haikufika yote, kwa sababu upungufu wa magari mapya duniani katika miaka ya 2021 na 2022 ulipandisha bei za magari yaliyotumika. Yeni ikiimarika, bei ya Dola kwenye matangazo hupanda hata kama Shilingi imetulia.

Tangu Machi 2025 kanuni za nchi zinakataza bidhaa na huduma za ndani kutangazwa au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Yadi ya Dar es Salaam inapaswa kutaja bei kwa Shilingi. Muuzaji anayeng'ang'ania Dola anamtwika mnunuzi hatari ya kuyumba kwa fedha ambayo si yake.

Kupanga tarehe

Safari ya meli kutoka Japani hadi Dar es Salaam huchukua karibu wiki 4 hadi 6. Ukiongeza malipo ya benki, kusubiri nafasi melini na kutoa gari bandarini, yafaa kuhesabu miezi 2 na ziada. Ukaguzi wa Shirika la Viwango uingizwe humo, na mahali unapofanyika paulizwe kabla ya kulipa. Gari litakalovuka mstari wa umri Januari linapaswa kuwa melini kabla ya mwisho wa Oktoba. Likiondoka mwishoni mwa Novemba, kuchelewa kwa wiki moja kunatosha kuharibu hesabu yote.

Tarehe nyingine ni 1 Julai. Bajeti ya Serikali husomwa Juni, na viwango vipya vya kodi huanza siku hiyo. Kiwango kinachotumika ni cha siku gari linapotolewa maelezo forodhani, si cha siku lilipoagizwa. Anayeagiza Mei analipa bei ya gari leo na kodi ya sheria ambayo hajaisoma. Anayeagiza mwishoni mwa Machi, magari yakiwa mengi minadani, anaweza kulitoa kabla ya Juni kwisha. Anayengoja hadi mwishoni mwa Agosti anakuwa ameisoma sheria mpya, minada imefunguliwa baada ya mapumziko, na gari litafika Novemba kabla ya mstari wa mwaka. Kwa vyama vingi vya mazao hiki ndicho kipindi salama. Chama kinachopata fedha zake Desemba kisiagize gari lililo mstarini. Kiingie yadi Januari, au kiagize gari lenye miaka 2 au zaidi kabla ya kufika mstari.

Kikwazo kikubwa hutokea ndani ya chama chenyewe. Makisio hupitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis, na kama gari litanunuliwa kwa mkopo, lazima liwe ndani ya ukomo wa madeni. Chama kikipitisha Shilingi 15,000,000 kamili kwa gari la mfano wetu wakati Dola ni 2,400, kisha kibali kikafika Dola ikiwa 2,600, kinahitaji Shilingi 16,107,000. Fedha hazitoshi, mkutano unapaswa kuitwa tena, na miezi inayopotea inalisogeza gari kwenye mstari wa umri. Ni bora makisio yataje gharama kwa Dola na kwa Shilingi, yaeleze kiwango kilichotumika, na yaweke akiba ya asilimia 10. Mkutano uidhinishe pia mwaka wa chini wa kutengenezwa na tarehe ya mwisho ya kuagiza. Ikipita, bodi inunue yadi badala ya kuagiza.

Fedha za kodi zitengwe siku ileile bei ya gari inapolipwa. Kodi ya Dola 2,195 huongezeka kwa Shilingi 439,000 Dola ikipanda kutoka 2,450 hadi 2,650 gari likiwa baharini. Gari likikosa fedha za kutolewa, siku za bure bandarini huisha upesi na ada ya kuhifadhi huanza kuhesabiwa kila siku.

Kabla ya kusaini lolote, katibu awe na karatasi moja yenye mambo matano: namba ya chasisi na mwaka wa kutengenezwa uliothibitishwa, kodi iliyotolewa na mfumo wa forodha kwa mwaka huo, kodi hiyohiyo kama gari litachelewa hadi Januari, kiwango cha Dola cha siku hiyo pamoja na gharama kama Dola itapanda kwa Shilingi 200, na tarehe meli inayotarajiwa kufika. Karatasi hiyo iambatishwe kwenye kumbukumbu za kikao cha bodi, ili mkaguzi wa hesabu na mwanachama yeyote aweze kuona gari lilinunuliwa mwezi ule kwa sababu gani.